Kisahani Juu ya Uso wa Bibi

Mjomba wangu alikuwa na duka la picha Msambweni, chumba kimoja cha mbele chenye pazia la rangi ya mbingu, na chumba kidogo cha nyuma kilichozibwa madirisha kwa magunia meusi. Kwetu, mjomba si mtu wa kutembelewa siku ya Idi tu. Ndugu wa kiume wa mama ndiye anayekutolea neno ukiposwa, ndiye anayekupokea ukiachwa. Mimi nilikuwa nimeachwa. Nilikuwa na miaka ishirini, ndoa yangu ilikuwa imevunjika kabla haijatimiza mwaka, na mjomba alikuja na baiskeli yake, akafunga kisanduku changu cha nguo nyuma, akaniambia, "Usilie njiani. Kazi ipo."

Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha picha. Watu wa siku hizi hawajui taabu tuliyokuwa nayo. Picha ya mchana ilikuwa na vumbi lake na mikwaruzo yake, lakini picha ya usiku, iliyopigwa kwa balbu ya flashi, ilikuja na wageni ambao hakuna aliyewaalika. Taa ikiwa karibu na kioo cha kamera, mwanga wake unagonga kila kitu kidogo kinachoelea mbele ya kioo: chembe ya vumbi, tone la manyunyu, mdudu. Kitu hicho kikiwa karibu mno hakionekani kama kitu. Kinavimba, kinakuwa duara jeupe la ukungu. Mjomba aliviita visahani. Alinifundisha kuvitambua kwa kioo cha kukuzia: kisahani hakina kivuli, hakiangazi kitu kilicho karibu nacho, na mara nyingi ukingo wake una pembe pembe, kwa sababu umechukua umbo la tundu la ndani ya kamera. Mdudu aliye mbali kidogo ni mwingine. Huyo huacha mchirizi, kwa maana balbu ile ilipowaka haikuzimika papo hapo, na mbawa zilikuwa zimekwisha kusogea.

"Taa ya kweli unaiacha," alikuwa akisema. "Kisahani unakiondoa. Na ukiondoa, mtu asijue palikuwa na kitu."

Njia zilikuwa mbili. Kwenye negativu, ambako cheupe huwa cheusi, ungeweza kuchukua kisu chenye makali ya wembe ukakwaruza lile doa jeusi polepole mpaka lipungue. Ndiyo njia ya haraka, na ndiyo ya hatari, kwa sababu ukizidisha pumzi moja umetoboa, na palipotobolewa patatoka peusi kwenye kila picha milele. Njia ya pili ni kuiacha negativu ilivyo, kutoa picha, kisha kukaa na brashi ya nywele chache na wino uliotiwa maji mengi, ukatia nukta juu ya ule weupe. Nukta, si mstari. Brashi iwe karibu kukauka. Ukivuta mstari, jicho la mtu litauona hata kama hajui anachokiona. Ukitia nukta moja moja, ukaanza na wino mwepesi ukaongeza, doa linazama ndani ya punje za picha yenyewe. Penye anga la usiku ni kazi ya mara moja. Penye mkeka au leso ya maua, unaufuata ukili wa mkeka, unalimalizia ua lililokatwa katikati, ukitazama ua jingine kama hilo pembeni.

Na usoni, mjomba alikuwa na sheria moja: kisu hakigusi uso. Kisahani kilicho juu ya uso hakijaufuta uso ule, kimeufunika kwa ukungu tu. Pua ipo, jicho lipo, ila vivuli vimefifia. Kwa hiyo huchori uso mpya. Unarudisha vivuli, nukta kwa nukta, chini ya nyusi, kando ya pua, mpaka shavu la ndani ya kisahani lifanane na shavu lililo nje yake.

Alikuwa bingwa. Hata wenye studio za Mombasa walimletea kazi. Alikaa kwenye meza yake chini ya dirisha la mashariki tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kofia imesukumwa nyuma, na sikupata kumwona akiharibu.

Nilikuwa nimekaa naye mwaka wa tatu tulipoitwa kwenye arusi ya Mwabungo. Upande wa wanawake hakuingia mwanamume mwenye kamera, kwa hiyo nilikwenda mimi. Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Ikakatika, kumbikumbi wakatoka, wakaja kuzunguka karabai kama waliotumwa. Bi arusi alikuwa amekalishwa barazani na mimi nilisimama uani, hatua chache nje ya makuti, na manyunyu yalikuwa yanaanza tena, membamba, yasiyolowesha hata nguo. Sikuyajali.

Mamake bi arusi alinishika mkono. "Mwanangu, nipigie bi arusi na mamangu. Hajapigwa picha maisha yake yote. Leo amekubali."

Bibi alikuwa mdogo kuliko kiti alichokalia. Aliniambia, "Mimi nishazeeka, mwataka kunipiga nini?" Watu wakacheka, naye akacheka, na hapo ndipo nilipobonyeza. Balbu ilikuwa ya mwisho.

Nilipoisafisha filamu kesho yake nilijua nimekosa. Ningeshika taa mbali, mkono wa kushoto ukiwa umenyooka, mwanga ungepita kando ya yale matone yaliyokuwa mbele ya kioo. Nilikuwa nimeiacha pale pale ilipofungwa, ubavuni mwa kamera. Nilitoa picha moja ya kujaribia, nikaitazama nayo ingali imelowa. Visahani kumi na kitu. Kumbikumbi kila mahali, mmoja mkubwa kama kitambaa cheupe juu ya bega la bi arusi. Na kisahani kimoja, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa kimekaa juu ya nusu ya uso wa bibi, kuanzia jicho la kulia mpaka kidevu.

Nilimpelekea mjomba nikiwa na aibu. Aliisogeza picha karibu na uso wake, karibu sana, akaigeuza kwenye mwanga.

"Kumbikumbi na visahani vya pembeni, fanya wewe," alisema. "Uso wa mtu mzima niachie mimi."

Siku zile kulikuwa na mambo niliyoyaona nisiyaelewe. Alikuwa ameanza kunisomesha barua zake, akisema sauti yangu ni nzuri. Alimimina chai ikafurika kikombeni, akamkemea paka. Mchana alijikinga jua kwa mkono hata akiwa ndani. Nilidhani ni uchovu.

Kabla sijamaliza visahani vya pembeni, habari zilikuja kwamba bibi wa Mwabungo amefariki. Alilala kwa homa siku mbili, ya tatu akazikwa. Arobaini haijafika, mamake bi arusi akaja dukani, leso imeshuka kichwani, hakutaka hata kuketi.

"Mzee, ile picha," alimwambia mjomba. "Sina nyingine yake. Wajukuu wananiuliza iko wapi."

"Ijumaa, mama. Inshallah."

Ijumaa asubuhi nilifika dukani mapema. Negativu ilikuwa mezani kwake, juu ya kioo kinachomulikwa kutoka chini, na kisu kando yake. Sikuhitaji kioo cha kukuzia. Mahali pa jicho la bibi palikuwa wazi kama dirisha. Mkwaruzo ulikuwa umeteremka kwenye shavu, mrefu, wa kuvuta, ukapita mdomoni, ukatokea kwenye leso yake. Niliilaza karatasi juu yake nikaipa mwanga, nikiomba niwe nimeona vibaya. Picha ilipojitokeza ndani ya dawa, nusu ya uso wa bibi ilikuwa wingu jeusi lililoburuzwa.

Mjomba alinikuta nimeishika ikichuruzika.

"Mjomba, nani amegusa uso kwa kisu?"

Alivua kofia, akaitazama ndani yake kana kwamba ameandikiwa kitu humo, akaivaa tena.

"Mjomba?"

"Funga hilo pazia," alisema. "Mwanga unaingia."

Mamake bi arusi alikuja baada ya sala ya Ijumaa, akiwa na kaka yake na dada zake wawili. Walikuwa wamevaa vizuri, kama watu wanaokwenda kumpokea mtu. Nilisimama nyuma ya meza nikingoja mjomba aseme. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Nilidhani atasema manyunyu yalikuwa mengi, au filamu ilikuwa na kasoro, nami ningeitikia, kwa sababu kosa la manyunyu lilikuwa langu kweli.

Aliwapa ile picha mbovu. Mamake bi arusi aliitazama, akaigeuza kana kwamba uso ungekuwa upande wa pili.

"Mamangu yuko wapi hapa?"

"Nisameheni sana," mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile aliyonifundishia kazi. "Ni huyu mpwa wangu. Mwanamke kijana, ana haraka. Nilimwambia asiguse uso, akachukua kisu mimi nimekwenda msikitini."

Sikumbuki kama nilifungua mdomo. Nakumbuka macho yao yaliponigeukia, yote kwa pamoja. Kaka yake alisema, "Si ndiye huyo aliyepiga, pia? Kumbe ndio mambo yake." Dada mmoja alianza kulia bila sauti. Mamake bi arusi alinitazama muda mrefu, kisha akasema neno moja tu, la kunishtaki kwa Mungu, "Hasbiya Llah," akaiacha picha juu ya meza, wakatoka.

Nilimwambia mjomba, "Ulikuwa ni wewe."

"Najua."

"Umesema ni mimi. Mbele ya watu waliofiwa."

Aliketi. Akanyoosha vidole vyake mbele ya uso, akavisogeza mbali, akavirudisha. "Jicho hili la kulia naona moshi," alisema. "La kushoto nalo limeanza. Nukta za brashi sizioni tena. Nilikiona kisahani, nikaona kisu, sikuona mwisho wa kisu. Wewe kijana. Jina lako likivunjika, litaota. Langu likivunjika leo, ndiyo basi, na duka hili ndilo linalokulisha. Tutafanya hivi: wewe fanya kazi zote, mimi nikae mezani. Watu waone ni mimi."

Alilisema kama mtu anayenipa zawadi. Hilo ndilo lililonikata. Angeomba, ningempa. Angenivuta nyuma ya pazia kabla hawajafika, akaniambia mpwa wangu, macho yameniisha, nisitiri, wallahi ningelibeba lile kosa mwenyewe kwa hiari yangu. Lakini hakuniomba. Alinichukua kama alivyochukua kisu, kwa sababu nilikuwa karibu na mkono wake.

Nilikwenda kwa mamangu. Nilimwambia kila kitu tangu manyunyu. Alisikiliza akichagua mchele, na nilipomaliza aliendelea kuchagua.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ulipoachwa ni nani aliyekufuata kwa baiskeli?"

"Ni yeye, mama."

"Basi stahimili."

"Na mimi je, mama? Mwabungo nzima wanasema nimemuua bibi mara ya pili."

"Watasahau."

Hawakusahau. Arusi mbili zilizokuwa zimeniita ziliita mtu mwingine. Dukani wanawake walikuwa wakiniuliza, "Mzee yupo?" Na kama hayupo walisema watarudi. Nami nilikuwa nikifanya kazi zake zote, yeye ameketi na kioo cha kukuzia mkononi akikiinamia asichokiona, na watu wakimsifu.

Siku moja nikipanga bahasha, niliiona ile picha ya kwanza ya kujaribia. Nilikuwa nimeitoa kabla negativu haijaguswa. Ilikuwa na visahani vyote na kumbikumbi wote, na chini ya kile kisahani kikubwa, ndani ya ukungu, bibi alikuwa mzima, anacheka.

Sikumwambia mtu. Niliipeleka nyumbani, nikaweka meza kwenye mlango wa nyuma ambako mwanga wa asubuhi ni mtulivu. Nilianza na anga, ili mkono uzoee. Kisha kumbikumbi wa begani: chini ya mbawa zake kulikuwa na korosho zilizochorwa kwenye leso, nikazihesabu upande ambao haukuguswa, nikazirudisha mbili na nusu. Siku ya nne nilifika usoni. Uso wote ulikuwa mdogo kama punje ya hindi, na nilifanya kazi mpaka jua lilipopanda, basi. Mkono ukichoka unavuta, na ukivuta unapaka. Nilitia nukta chini ya nyusi, nikaiacha ikauke, nikaitazama kwa mbali. Nikatia kando ya pua. Ule ukingo wa kisahani, wenye pembe pembe, ndio ulionisumbua kuliko vyote, kwa sababu ulikuwa mweupe zaidi ya katikati, na kila nilipouzidishia wino ulitoka kama kovu. Niliufuta kwa pamba yenye maji, nikaanza tena. Mara mbili niliufuta. Siku ya kumi jicho lake la kulia lilinitazama kama la kushoto lilivyonitazama siku zote zile, na mikunjo ya kicheko ilivuka kutoka shavu hadi shavu bila kukatika.

Negativu mpya ilikuwa lazima, maana nukta zile zilikuwa juu ya karatasi moja tu. Niliibandika picha ukutani kwenye kivuli, pasipo na mng'aro, nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu na ile lenzi ya kusogeza karibu, nikaipiga picha ile picha. Ukali ulipungua kidogo. Uso ulibaki.

Nilimwonyesha mjomba kwa sababu nilihitaji dawa na karatasi za duka. Alipitisha kidole juu ya picha, akiutafuta wino kwa ncha ya kidole.

"Siuhisi," alisema.

"Hauhisiki."

"Umeifanya nukta nukta."

"Ulivyonifundisha."

Nikamwambia nitaipeleka Mwabungo mwenyewe siku ya Jumatatu, nikae nao, nizungumze nao. Alitikisa kichwa kukubali. Jumapili, nilipokuwa kwa mamangu, aliipeleka yeye. Alishikwa mkono na jirani yake mpaka kwenye basi.

Nililijua hilo sokoni Kombani. Bi arusi mwenyewe, sasa ana tumbo la miezi, alinivuta kando ya mafungu ya mihogo. Hakuwa na uso mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyesamehe.

"Mzee ametuletea bibi," alisema. "Ameketi na mama mpaka alasiri. Ametueleza alivyohangaika siku kumi kurekebisha pale ulipoharibu. Mama amelia, amemwombea Mungu amzidishie nuru ya macho." Akanigusa bega. "Na wewe usijali tena. Yamekwisha. Kila mtu hujifunza."

Nilishika fungu la mihogo ambalo sikutaka kulinunua. Siku kumi! Hata idadi ya siku alikuwa amenichukulia.

Nilikwenda Mwabungo hata hivyo. Mamake bi arusi alinikaribisha, akaniwekea mkeka, akanipa kahawa. Picha ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya mbao, na bibi alikuwa anacheka humo. Nilimweleza yote, polepole, bila kumtukana mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka akainyoosha fremu, ingawa haikuwa imekwenda kombo.

"Mwanangu, labda ni kweli," alisema. "Lakini ukisema kweli, mimi yule mzee niliyemwombea dua nyumbani mwangu nitamtazamaje? Mamangu ninaye. Niachie hivyo hivyo."

Nikanywa kahawa yangu nikaondoka.

Mwezi ule ule nilihamia Kombani. Fundi cherehani mmoja alinipa pembe ya baraza yake, nikaweka meza na kiti, nikapiga picha za mchana tu za watu waliokuwa wakingoja magari ya Kwale. Mjomba alinipelekea ujumbe mara mbili nirudi. Mara ya tatu alimtuma mamangu. Nilimwambia mama ninampenda, na sirudi. Alikasirika kwa mwaka mzima. Duka la Msambweni lilifungwa mvua za vuli, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kufanya kazi, na watu walisema mzee amepumzika, amefanya mengi.

Nilikwenda kumwona alipokuwa haoni kabisa. Alinijua kwa hatua zangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

Nilimwambia nimekula. Akaniuliza habari za Kombani, kama bado karatasi zinapatikana, kama bado nafanya kazi kwa wino ule wa chupa au nimepata mwingine. Nilimjibu kila swali. Tulizungumza hivyo mpaka chai ikapoa, mambo ya brashi na dawa, na nilikuwa nikingoja neno la kuniomba radhi. Kila aliponyamaza nilidhani sasa atalisema. Nilikuwa nimekwisha kuliandaa jibu, na halikuwa jibu baya.

Hakulisema. Adhana ilipolia niliinuka, nikamshika mkono mpaka mlangoni kwa ajili ya udhu, nikamwekea birika mahali anapoweza kuifikia, nikaenda kutafuta gari la kurudi.